Jina na Cheo Kabla ya Kamera: Taarifa ya Habari ya Shule Huko Nsambya

Mwanafunzi wa Nsambya hana haja ya kwenda mbali kutafuta habari. Kilima hicho cha tarafa ya Makindye, jijini Kampala, kina hospitali ya St. Francis iliyoanzishwa mwaka 1903, kambi kubwa ya polisi, studio za Redio Sapientia ya Kanisa Katoliki, na shule zilizojibana katikati ya hayo yote. Yanayotokea kwa wiki moja kati ya lango la shule na barabara ya Ggaba yanatosha kujaza taarifa nzima ya habari. Mhadhara huu unachukua kazi moja tu, taarifa ya video ya dakika tano inayosomwa kwa Kiswahili na wanafunzi wawili, na kuifuata tangu karatasi ya kwanza hadi siku ya kusahihisha makosa. Hoja yake ni kwamba kazi hiyo ianzie mahali ambapo wengi humalizia, yaani kwenye maandishi ya majina yanayotokea chini ya skrini.

Kiswahili hakikuchaguliwa hapa kwa ushabiki. Marekebisho ya katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ukakifanya kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Kwa hiyo kila shule ya sekondari inayofuata mtaala huo ina darasa la vijana wanaojifunza kuandika na kutamka Kiswahili, na mwalimu anayetafuta kazi ya kuwapa. Taarifa ya habari inawafaa kwa sababu inalazimisha sentensi fupi, maneno yanayotamkika na ukweli unaoweza kukaguliwa na shule nzima.

Vijana kutangaza habari si jambo geni Kampala. Mwaka 2014 televisheni ya NTV Uganda ilianza kurusha NewzBeat, kipindi cha kila wiki ambacho habari zake zilisomwa kwa mtindo wa rapu, kwa Kiganda na kwa Kiingereza. Miongoni mwa watangazaji wake alikuwa msanii Sharon Bwogi, anayejulikana kama Lady Slyke, na pamoja naye msichana aliyekuwa bado katika ujana. Mwaka mmoja kabla, wasanii Xuman na Keyti walikuwa wameanzisha Journal Rappé huko Senegal kwa mtindo huohuo. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 2007, BBC iliendesha mradi wa School Report ambapo wanafunzi walitayarisha habari zao shuleni na kutakiwa kuzimaliza siku hiyohiyo ifikapo saa nane mchana. Mipango hii mitatu ina sura tofauti kabisa, ila inafanana katika jambo moja: habari ni chache, zimeandikwa upya kwa ajili ya sikio, na saa ya kumaliza inajulikana. Shule inayoiga televisheni kwa meza ya kioo na muziki wa kishindo, ikaliacha hilo, inabaki na mapambo.

Tuchukue basi toleo moja la mfano, la wiki ya uchaguzi wa viranja. Katika sekondari za Uganda uchaguzi huo una tume, kampeni, hotuba mbele ya shule nzima na foleni ya kupiga kura, kwa hiyo ndiyo habari kuu. Habari ya pili ni paa la bwalo linalovuja, na ya tatu ni mechi ya mpira wa wavu dhidi ya shule jirani. Sekunde 300 zinagawanywa hivi: utambulisho 10, vichwa vya habari 30, uchaguzi 110, bwalo 65, michezo 65, na kuaga 20. Mgawanyo huu unaandikwa ubaoni kabla mtu yeyote hajagusa kamera, na hapo ndipo karatasi ya majina inapoingia.

Karatasi yenyewe ina safu nne: habari gani, jina, cheo, na sentensi moja inayoeleza kwa nini mtu huyo anaongea. Kwenye habari ya uchaguzi, safu ya jina hujaa haraka. Kuna mgombea wa kiranja mkuu, kuna mpinzani wake, kuna mwenyekiti wa tume. Kwenye habari ya bwalo mambo hukwama. Wanafunzi huandika “mwanafunzi wa kidato cha tatu”, kisha wakifika safu ya mwisho wanakosa la kusema. Kwa nini yeye? Kwa sababu alikuwa karibu. Safu hiyo tupu inaonyesha mapema kwamba habari haijapata mtu wake, na mtu wake ni mpishi anayehamisha masufuria kila mvua inaponyesha, pamoja na mwalimu anayesimamia majengo, ambaye ndiye anayejua fundi atakuja lini. Kugundua hivyo Jumatatu ni kazi ya dakika chache. Ikigunduliwa Alhamisi jioni, video ikiwa imeshakatwa, habari inabaki na mtoto anayesema paa linavuja huku kila mtu akiliona linavuja.

Ndiyo sababu karatasi ya majina inafaa kutangulia. Inauliza maswali mawili ambayo habari yoyote lazima iyajibu, nani anaongea na kwa nini yeye, na inayauliza kwa namna ambayo kijana wa miaka kumi na minne hawezi kuyakwepa kwa maneno mazuri.

Kuandika jina lenyewe kunahitaji uangalifu wa pekee Kampala. Rejista za shule nyingi Uganda hutanguliza jina la ukoo au la kimila, kisha jina la ubatizo au la Kiislamu: Nakato Sarah, Okello Peter. Televisheni kwa kawaida hugeuza, Sarah Nakato. Mwanafunzi anayenakili majina kutoka rejista bila kuamua mtindo mmoja atakuwa na mgombea wa kwanza ameandikwa hivi na wa pili vile, na watazamaji watadhani ni makosa. Uamuzi ni wa chumba cha habari. La muhimu ni ufanywe mara moja na uandikwe ukutani.

Kuna la ndani zaidi. Kwa Waganda, jina la Kiganda si la familia kama wazungu wanavyolichukulia. Ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kuwa na majina tofauti kabisa, kila moja likitoka katika hazina ya ukoo. Nakato ni jina la pacha wa kike aliyezaliwa wa pili, na Kato ni mwenzake wa kiume. Kwa Waacholi na Walango, Okello na Akello ni waliozaliwa baada ya mapacha. Shule ya wanafunzi mia kadhaa inaweza kuwa na akina Nakato watano na akina Okello wengine kadhaa, hasa Nsambya ambako kambi ya polisi ina familia kutoka pande zote za nchi. Msomaji akisema “Nakato amesema” bila jina la pili, nusu ya bwalo itageuka kumtazama mtu asiyehusika. Kwa hiyo jina kamili linatajwa mara ya kwanza, na baadaye msomaji anatumia cheo: mgombea huyo, mwenyekiti wa tume.

Tahajia nayo ina mitego. Kiganda huandika konsonanti mbili mwanzoni mwa majina mengi, kama Ssemakula au Ddamulira, lakini wapo wanaoandika Semakula kwa sababu ndivyo vyeti vyao vilivyo. Herufi ŋ ya Kiganda haipo katika kila aina ya maandishi ya kompyuta. Ikikosekana, skrini huonyesha kisanduku kitupu. Dawa yake ni ya zamani na haina gharama. Kabla ya swali la kwanza, kamera ikiwa tayari inarekodi, mwandishi anamwomba mhojiwa ataje jina lake, cheo chake, na herufi za jina moja moja. Kisha anampa daftari aandike mwenyewe kwa herufi kubwa. Sauti inamsaidia msomaji kutamka, na daftari linamsaidia anayeandika skrini. Rejista ikitofautiana na daftari, daftari lishinde, maana jina ni la mwenyewe.

Kwa watu wazima, cheo kinabeba heshima pia. Katika shule za Kikatoliki za kilima hiki, kumwandika mtawa bila “Sista” au kasisi bila “Padri” ni utovu wa adabu ambao hakuna ufundi wa picha utakaoufidia. Mpishi naye ana jina kamili na cheo, “Mpishi Mkuu”, hata kama shule nzima humwita Mama.

Cheo kinapaswa pia kufuata wakati. Mgombea aliyehojiwa Jumanne ni “Mgombea, Kiranja Mkuu”. Matokeo yakishatangazwa, mtu huyohuyo akiongea tena ni “Kiranja Mkuu Mteule”. Hapa ndipo kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote huzaliwa, na linazaliwa kwa uvivu wa mkono. Anayehariri hunakili maandishi ya mtu wa kwanza, akabadili jina, akasahau mstari wa chini. Mwenyekiti wa tume anatokea akiwa mgombea. Kosa hili halionekani kwa anayehariri kwa sababu macho yake yanasoma anachokijua tayari. Njia ya kulikamata ni kumpa karatasi ya majina mwanafunzi ambaye hakushiriki kuhariri, kumzimia sauti, na kumwacha atazame video nzima akiweka alama kila jina linapotokea. Bila sauti, jicho halina pa kukimbilia.

Sasa maandishi yenyewe. Jina linakaa mstari wa juu, kubwa na lenye herufi nene. Cheo kinakaa chini yake, kidogo zaidi. Katika picha ya pikseli 1920 kwa 1080, watangazaji huacha ukingo wa asilimia 5 kila upande, yaani pikseli 96 kushoto na 54 chini, ili maandishi yasikatwe na televisheni au projekta inayopunguza kingo. Jina lenye kimo cha pikseli 54 linasomeka vizuri bwaloni. Lakini video hiyo haitaishia bwaloni. Itatumwa kwa WhatsApp, na WhatsApp huibana. Picha ikishuka hadi mistari 480, zile pikseli 54 zinakuwa 24. Cheo kilichoandikwa kwa pikseli 24 tangu mwanzo kinakuwa chini ya 11, na mzazi mwenye simu ndogo anaona vumbi tu. Hivyo cheo kisishuke chini ya pikseli 36, na jaribio la mwisho lifanywe kwenye simu ya bei nafuu kuliko zote katika chumba cha walimu. Kompyuta ya anayehariri husamehe mengi.

Nyuma ya maandishi kunahitajika ukanda wa rangi moja, usiopitisha mwanga au unaopitisha kidogo tu. Maandishi meupe yaliyowekwa moja kwa moja juu ya shati jeupe la sare hupotea.

Muda wa jina kukaa kwenye skrini una kipimo rahisi: mtu alisome kwa sauti mara mbili, taratibu. Kwa jina la kawaida na cheo kifupi hizo ni kama sekunde tano. Jina lisitokee mtu anapofungua kinywa, kwa sababu watazamaji wanahitaji kwanza kuuona uso. Lisubiri sekunde moja au mbili. Liondoke kabla picha haijabadilika. Jina la mwalimu likining’inia sekunde moja juu ya picha ya masufuria, bwalo zima litacheka, na mwalimu hatakubali kuhojiwa tena. Kwa sababu hii, jibu la mhojiwa lililokatwa kuwa sekunde nne halifai kabisa. Halina nafasi ya jina. Mhojiwa yeyote atakayetokea apewe angalau sekunde nane mfululizo za uso wake.

Vichwa vya habari vinaandikwa baada ya habari kukamilika, ingawa vinasomwa mwanzo. Shuleni adui yao mkubwa ni lugha ya tangazo la paredi. Rasimu ya kwanza ya habari ya bwalo, ikiandikwa na mwanafunzi aliyezoea matangazo, huwa hivi: “Uongozi wa shule unapenda kuwajulisha wanafunzi wote kwamba kutokana na sababu zisizozuilika bwalo halitatumika.” Sentensi ina maneno kumi na manne na hakuna lililotokea ndani yake. Kichwa cha habari kinasema tukio: “Mvua yafunga bwalo, wanafunzi wala madarasani.” Maneno sita. Kitenzi kiko wazi, na anayesikia anataka kujua itaendelea hadi lini, swali ambalo habari yenyewe itakuja kulijibu kwa jina la mwalimu wa majengo na tarehe ya fundi.

Vichwa vitatu vinatosha, na wasomaji wawili wanapokezana: wa kwanza anasoma kimoja, wa pili kimoja, wa kwanza tena cha mwisho. Kila kichwa kinafunikwa na picha ya tukio lake ya sekunde sita au saba. Kama hakuna picha ya tukio, kichwa kinasomwa na uso wa msomaji ukiwa kwenye skrini. Picha ya mwaka jana ya bwalo jingine isitumike hata kidogo, kwani ni uongo hata kama hakuna atakayeutambua.

Kasi ya kusoma ipimwe kwa kila msomaji. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa kuwa kiambishi cha nafsi, cha wakati na mzizi vimeshikana, hivyo hesabu za maneno kwa dakika zinazotolewa kwa Kiingereza huwaponza wanafunzi. Msomaji chipukizi aliyetulia anaweza kukadiriwa maneno 110 kwa dakika, na kwa kipimo hicho habari ya sekunde 65 isiyo na mahojiano ni maneno kama 120. Ikiwa na mhojiwa mmoja wa sekunde 15, yanabaki kama 90. Mwanafunzi aliyeandika maneno 200 ataambiwa asome haraka, na akisoma haraka Kiswahili chake kitavunjika.

Kwa wasemaji wa Kiganda huvunjika mahali panapojulikana. Katika Kiganda sauti ya r huja baada ya e na i, na kwingineko huwa l. Kwa hiyo ulimi uliolelewa na Kiganda huona “habari” na kutamka “habali”. Katika wiki ya uchaguzi hilo ni hatari, maana wanafunzi wanaopiga kura wanageuka kuwa wanaopiga kula, na hapohapo habari inayofuata ni ya bwalo. Kumkemea msomaji hakusaidii. Husaidia kuzungushia r kwa kalamu nyekundu kila inapofuata a, o au u kwenye karatasi yake, na kumsomesha habari hiyo mara kadhaa siku inayotangulia kurekodi. Usikivu wa mwalimu wa Kiswahili unafanya kazi hapa kuliko kamera ya bei yoyote.

Karatasi ya msomaji ina faida nyingine. Shule nyingi hutamani maandishi yanayopanda kwenye kompyuta chini ya kamera, lakini kamera ikiwa karibu, mita moja na nusu, macho ya msomaji huonekana yakikimbia kushoto na kulia. Kwa chipukizi ni afadhali karatasi zilizochapwa kwa herufi kubwa, sentensi moja kwa aya, upande mmoja tu. Anajifunza kuokota sentensi, kuinua uso, na kuimalizia kwa macho yakiwa kwenye kamera. Maneno matatu ya mwisho ya kila sentensi ndiyo yanayopaswa kusemwa macho kwa macho na mtazamaji. Ya mwanzo yanaweza kusomwa.

Seti haihitaji fedha nyingi, ila inahitaji kuelewa jinsi kamera ya simu inavyopima mwanga. Simu hutafuta wastani wa picha nzima. Ukimkalisha mwanafunzi mweusi mbele ya ukuta mweupe wa darasa, tena akiwa na shati jeupe, simu inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unakuwa kivuli chenye meno. Watu hulaumu simu na kwenda kukopa nyingine, nayo inatoa picha ileile. Cha kubadilishwa ni ukuta. Shuka au kitambaa cha rangi moja isiyokolea sana, kama buluu ya wastani, kijani cha chupa au kahawia, kinatandazwa nyuma bila mikunjo, na wasomaji wanavaa sweta au koti la sare juu ya shati. Kisha kidole kinabonyezwa usoni mwa msomaji kwenye skrini ya simu na kushikiliwa hadi kipimo cha mwanga kifungwe, ili simu isibadilishe mawazo katikati ya sentensi.

Kitenge chenye maua madogo madogo au mistari miembamba kiachwe kwa ajili ya sherehe. Kwenye video mistari ya aina hiyo hucheza na kumeta yenyewe. Alama ya shule inaweza kubandikwa kwenye kitambaa, juu ya bega la msomaji, iwe kubwa kidogo tu kuliko kiganja.

Madawati mawili yanaunganishwa na kufunikwa kitambaa hadi chini, ili miguu isionekane. Viti visiwe vya kuzunguka. Wasomaji wakae karibu kuliko wanavyozoea, mabega yakikaribia kugusana, kwa sababu kamera hutanua nafasi iliyo kati yao. Kitambaa cha nyuma kiwe mita moja na nusu au mbili nyuma yao ili vivuli vyao vianguke sakafuni. Kamera isimame kwenye kimo cha macho yao wakiwa wamekaa. Na upande wa chini wa picha, kuanzia kifuani, uachwe wazi bila maua wala chupa za maji: hapo ndipo ukanda wa majina utakapokaa, na seti iliyopangwa bila kuukumbuka ukanda huo huishia jina likiwa juu ya chupa.

Mwanga wa dirisha ndio bora, wasomaji wakielekea dirisha na kamera ikiwa na mgongo kwake. Kampala iko karibu mno na ikweta, na jua hupanda wima upesi; dirisha la mashariki huingiza jua kali asubuhi, lakini jua likishapanda juu hutulia kuwa mwanga laini. Siku ya mawingu watu huwasha taa za mirija, na hapo mistari ya giza inaweza kuanza kutembea kwenye picha. Umeme wa Uganda ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa hizo humetameta mara 100 kila sekunde, ilhali simu nyingi hupangwa kwa fremu 30 na mfunguo unaojichagulia wenyewe. Katika programu inayoruhusu kupanga, kama Blackmagic Camera, fremu ziwekwe 25 na mfunguo 1/50, na mistari hutoweka. Katika simu isiyoruhusu, taa zizimwe na wasomaji wasogezwe dirishani.

Sauti ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu kosa lake husikika baada ya kila mtu kwenda nyumbani. Maiki ya simu iliyo mita mbili mbali inachukua chumba kizima. Simu ya pili, iliyofichwa mezani nyuma ya karatasi, sentimita 40 kutoka vinywani, inarekodi sauti safi; msomaji mmoja anapiga kofi moja mwanzoni, na anayehariri analinganisha kishindo cha kofi na picha yake. Simu zote mbili ziwekwe katika hali ya ndege, maana simu ikiingia inaweza kukatisha rekodi. Nazo ni simu za walimu, kwa kuwa wanafunzi wa Uganda hawaruhusiwi simu shuleni, na jambo hilo linahitaji mpango: mwalimu mtoa simu lazima ajue siku na saa, na awe ameshafuta nafasi ya kutosha.

Saa yenyewe ni muhimu. Mvua za Kampala hupenda mchana, na mvua juu ya mabati haina mhariri anayeweza kuiondoa. Basi Alhamisi saa nne asubuhi, darasa lililo mbali na barabara, madirisha ya upande wa boda boda yamefungwa. Kabla ya kusoma, kila mtu ananyamaza kwa nusu dakika huku rekodi ikiendelea. Ukimya huo wa chumba hutumiwa baadaye kuziba sehemu zilizokatwa, na pia ndio wakati wa kusikia feni, redio ya jirani, au mlango unaolia.

Yapo pia ya sheria, na hayawezi kuachiwa siku ya mwisho. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya au kutumia taarifa binafsi za mtoto. Jina kamili lililounganishwa na uso na shule ni taarifa binafsi bila shaka yoyote. Fomu ya ridhaa ieleze video itaonyeshwa wapi, kwa kuwa mzazi aliyekubali ionyeshwe bwaloni huenda asikubali isambazwe kwenye makundi ya WhatsApp. Ndiyo maana karatasi ya majina inaongezewa safu ya tano: ridhaa, wapi. Wanapotokea watoto wawili wenye ridhaa tofauti katika habari moja, njia iliyo salama ni kutoa matoleo mawili ya faili, la bwaloni na la nje, na katika lile la nje habari ya mtoto asiyeruhusiwa isomwe na msomaji bila uso wala jina lake.

Video inaonyeshwa Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Mtu mmoja asimame nyuma kabisa ya bwalo, si kwa ulinzi, bali asome kila jina kutoka hapo na kuandika lililomshinda. Jina likiwa limekosewa, kuna kazi tatu, na zote ni za siku hiyohiyo. Maandishi yanasahihishwa katika faili ya kuhariri na video inatolewa upya. Faili ya zamani inafutwa kwenye kila simu na kundi ilikotumwa, na aliyeituma ndiye anayeifuta. Kisha toleo la wiki ijayo, mara baada ya vichwa vya habari na kabla ya habari ya kwanza, msomaji anataja kosa, anataja jina sahihi, na jina hilo linatokea chini ya skrini kwa sekunde tano kamili.